Kamba Hii Ni ya Nini? Kuisoma Kamba kwa Picha

Neno "manila" limetugawa pande mbili katika vikao vyetu vya msamiati. Kuna wanachama ambao nyumbani kwao kamba ya manila ni ile ya plastiki inayong'aa, ya kufungia mizigo na kuanikia nguo. Wengine wanashikilia kwamba manila ni kamba ya nyuzi za abaka, mmea wa Ufilipino wa jamii ya mgomba, iliyopewa jina la bandari ilikotoka. Pande zote mbili zina haki: jina lilibaki, kitu kikabadilika. Ndiyo maana tuliamua kwamba katika orodha yetu ya msamiati tutaitaja kamba kwa kile macho yanachokiona, tukitumia picha za karibu ambazo wanachama wameziomba kwa jamaa zao.

Kwanza tunatazama ilivyotengenezwa, kwa sababu hilo picha huonyesha waziwazi. Kamba ya kusokota ina misokoto minene, mara nyingi mitatu, inayozungukana na kupanda mshazari upande mmoja tu. Kamba ya kusuka ina nyuzi zinazopishana, zikaacha alama kama herufi V zilizopangwa moja juu ya nyingine, mfano wa nywele zilizosukwa au ukili wa mkeka.

Ikiwa ni ya kusokota, simamisha picha wima. Misokoto ikipanda kutoka kushoto chini kwenda kulia juu, inafuata mstari wa kati wa herufi Z; ikipanda kinyume, inafuata wa herufi S. Kamba nyingi za misokoto mitatu ni za Z. Ukiigeuza picha juu chini, Z inabaki Z. Kinachoweza kukupoteza ni kamera ya mbele ya simu, ambayo huweza kuhifadhi picha kama ilivyo kwenye kioo, na hapo Z inakuwa S. Tazama pia ndani ya msokoto mmoja: nyuzi zake zimesokotwa kinyume cha kamba nzima. Kukinzana huko ndiko kunakoizuia kamba isijifungue yenyewe.

Kwa kamba ya kusuka, picha ya ubavuni haitoshi. Nyingi zina kiini kilichofichwa ndani ya ganda, na kiini hicho huenda ni cha nyuzi nyingine kabisa. Omba picha ya ncha iliyokatwa, ikitazamwa moja kwa moja kama unavyotazama shina la mti lililokatwa.

Baada ya hapo tunauliza imetengenezwa kwa nini, na hapa sisi tunafuata nywele. Uzi wa mmea una mwisho, na kila unapoishia huacha kinywele kinachochomoza nje. Uzi wa katani, unaotoka kwenye jani la mkonge, unafika kama mita moja. Kwa hiyo kamba ya katani ina nywele chache kiasi, lakini ni ngumu na zimesimama, na rangi yake ni ya majani makavu. Usumba wa makumbi ya nazi ni mfupi, sentimita kumi na kitu hadi thelathini, kwa hiyo kamba yake ina manyoya tele, ya rangi ya kahawia inayoelekea wekundu. Pamba ina nyuzi za sentimita mbili au tatu tu. Nywele zake hazionekani mojamoja bali kama vumbi laini juu ya kamba nyeupe.

Nailoni, poliesta na polipropilini hutoka kiwandani kama uzi usio na mwisho. Kamba zake zikiwa mpya huwa laini, zinang'aa, na hazina nywele. Lakini kanuni hii ina mtego, na mtego huo tulikutana nao kwenye picha za shangazi wa mwenzetu anayeishi Maskati.

Shangazi alikuta bunda la kamba kwenye stoo ya nyumba, akataka kuwafungia wajukuu pembea. Aliandika: "Wanangu, nyinyi wasomi wa kamba, hii ni katani au si katani? Watoto watakalia." Alituma picha tatu: ya ubavuni, ya ncha, na moja yenye rula kando yake.

Upande wa utengenezaji haukutusumbua: misokoto mitatu, mkono wa Z, unene wa milimita 14. Rangi ilikuwa ya majani makavu na nywele zilikuwepo. Nusu yetu wakasema katani. Tulipoikuza picha ya ubavuni, mambo mawili yakatutia shaka. Rangi ilikuwa moja mwanzo hadi mwisho, wakati nyuzi za mkonge huwa na nyeupe, njano na vidoa vya kahawia kwa pamoja. Pia nywele zilikuwa nyembamba sawasawa, zimelala na kujikunja, zenye urefu unaokaribiana. Nywele za katani hunyooka kama miba midogo, na unene wake hutofautiana.

Ipo polipropilini inayotiwa rangi ya katani, kisha nyuzi zake zikakatwa vipande vifupi na kusokotwa upya, makusudi ili kamba ipate manyoya na ifanane na ya asili. Hutumika kwenye bustani, kwenye ngazi na kwenye majahazi ya maonyesho. Hiyo ndiyo tuliyoishuku, lakini picha peke yake isingetuthibitishia. Tulimwomba shangazi akate kipande kidogo, akishike kwa koleo nje ya nyumba, akisogeze kwenye moto. Nyuzi za mmea huungua kama karatasi na kuacha jivu linalopukutika. Cha shangazi kiliyeyuka, kikajikunyata na kuwa tone gumu. Alitia kipande kingine kwenye ndoo ya maji akakizamisha kwa mkono, kikarudi juu. Nailoni na poliesta ni nzito kuliko maji, polipropilini ni nyepesi. Jibu likapatikana.

Ilibaki pembea. Polipropilini isiyowekewa kinga huharibiwa na jua, na bunda hilo, alivyotuambia shangazi, lilikaa uani miaka kadhaa kabla ya kuingizwa stoo. Tukamwomba aupinde msokoto mmoja na kuukwaruza kwa ukucha. Vipande vifupi vikakatika na kubaki mkononi kama unga. Tukamjibu: "Shangazi, si katani, na hata ingekuwa katani tusingekushauri. Funga nayo mizigo myepesi, watoto wasiikalie."

Kwa katani dalili hutafutwa kwingine, maana adui yake ni unyevu. Nje inaweza kupendeza huku ndani imeoza. Ifungue misokoto kidogo utazame katikati: ukikuta rangi ya kijivu, harufu ya uvundo na nyuzi zinazokatika bila kuvutwa sana, kamba hiyo imekwisha.

Kuna mpaka tunaousimamia kwenye orodha yetu. Kamba nyeupe, laini, iliyosukwa, isiyo na nywele, hatuiandiki nailoni kwa kuiona tu, kwa sababu poliesta hufanana nayo kabisa kwenye picha. Zote mbili huzama, zote huyeyuka. Tofauti ni kwamba nailoni hunyumbuka zaidi inapovutwa, na picha haivuti kamba. Tunaiandika "nailoni au poliesta" na kuiacha hivyo mpaka mtu aishike mkononi.

Msomaji ukitaka kutuletea picha, weka rula kando ya kamba, zima mweko wa kamera kwa sababu unafuta nywele, acha mwanga uingie kutoka ubavuni, na utumie kamera ya nyuma. Usisahau ncha.