Siku 35 za Kumwomba Mhariri

Mtafiti aliyepokea uamuzi wa "marekebisho makubwa" kutoka jarida la kisayansi huwa na furaha na wasiwasi kwa pamoja. Furaha, kwa sababu muswada haukukataliwa. Wasiwasi, kwa sababu chini ya barua ya mhariri pana tarehe ya mwisho ya kurudisha kazi, na tarehe hiyo mara nyingi iliwekwa na mfumo wa kompyuta, bila mtu kupima ukubwa wa yale ambayo wahakiki wameyaomba. Jarida la PLOS ONE, kwa mfano, kwa kawaida hutoa siku 45. Majarida ya MDPI huwa na haraka zaidi: marekebisho makubwa hupewa takriban siku 10 tu.

Kuomba muda zaidi ni jambo la kawaida, na wahariri wengi hukubali. Mwaka 2020, maabara na vyuo vilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, wachapishaji wakubwa wenyewe waliwaambia waandishi kwamba muda ungeweza kuongezwa. Kinachoitofautisha barua nzuri na mbaya ni tarehe mpya inayoombwa, na namna mwandishi alivyoifikia.

Tuchukue mfano wa mtafiti wa chuo kikuu Morogoro anayechunguza sumukuvu katika mahindi yaliyohifadhiwa vijijini. Uamuzi ulimfikia tarehe 3 Machi, na kwa siku 45 alitakiwa arudishe muswada tarehe 17 Aprili. Maoni ya mhakiki wa kwanza yalihusu maelezo na majedwali, naye aliyamaliza katika wiki tatu. Mhakiki wa pili alikuwa na hoja nzito zaidi: sampuli 40 zilizobaki kwenye friji zipimwe pia fumonisini, kwa kuwa mahindi yenye aina moja ya sumukuvu mara nyingi huwa na nyingine. Kipimo chenyewe hakichukui muda mrefu. Tatizo ni vitendanishi, ambavyo huagizwa kutoka nje.

Mwishoni mwa Machi muuzaji alimjulisha kwamba mzigo ungefika tarehe 22 Aprili, siku tano baada ya muda wa jarida kwisha. Hapo mtu mwenye haraka angeandika: "Naomba wiki mbili zaidi." Wiki mbili zinasikika kama adabu, kwani si nyingi wala si chache. Lakini zingemfikisha tarehe 1 Mei, ambayo ni sikukuu ya wafanyakazi, akiwa na matokeo ghafi mkononi na hakuna aliyeyachambua.

Hesabu ya kweli huanzia kwa watu wengine, si kwa kasi ya mwandishi mwenyewe. Vitendanishi vinafika tarehe 22 Aprili. Maabara inahitaji wiki moja, hivyo matokeo yanapatikana tarehe 29. Mtakwimu ana kazi nyingine na ameahidi kuyarudisha tarehe 8 Mei. Mwandishi anahitaji siku tano kurekebisha sehemu ya matokeo na mjadala, na kukamilisha hati ya majibu, ile inayoeleza hoja kwa hoja alichofanya kwa kila maoni ya wahakiki. Hapo ni tarehe 13. Waandishi wenzake wote lazima wasome na kuridhia toleo la mwisho, na mmoja wao yuko safarini, kwa hiyo wanapewa siku tano nyingine, hadi tarehe 18. Siku nne za akiba kwa ajili ya mzigo kukwama bandarini au mashine kuharibika zinaifikisha tarehe 22 Mei. Ni siku 35 zaidi, na kila moja ina maelezo.

Wengi husahau hatua ya waandishi wenza. Mtu huhesabu muda wake wa kuandika, akapeleka rasimu kwa watu watano usiku wa kuamkia tarehe ya mwisho, kisha akashangaa profesa mmoja anapojibu baada ya wiki akiwa na masahihisho ya kurasa tatu.

Tarehe ikishapatikana, barua yenyewe ni fupi. Huandikwa na mwandishi wa mawasiliano, yaani yule ambaye jina lake limesajiliwa kupokea barua za jarida, kama jibu kwa barua ileile ya uamuzi, ili namba ya muswada na historia yake vibaki pamoja. Ya mtafiti wetu ingesomeka hivi:

"Ndugu Mhariri, nakushukuru pamoja na wahakiki kwa maoni yenu ya tarehe 3 Machi kuhusu muswada wetu. Tumekamilisha marekebisho yote yaliyoombwa na mhakiki wa kwanza. Mhakiki wa pili ameomba sampuli 40 zipimwe fumonisini, nasi tunakubaliana naye. Vitendanishi vimeagizwa na vitatufikia tarehe 22 Aprili. Kwa kuzingatia muda wa kupima, kuchambua na waandishi wote kuridhia toleo la mwisho, naomba tarehe ya kurudisha isogezwe kutoka 17 Aprili hadi 22 Mei. Iwapo muda huo hauwezekani, tafadhali nijulishe ili tushauriane namna ya kuendelea."

Mhariri akisoma hayo anaona kazi inaendelea, anajua kilichobaki, na ana tarehe moja ya kuandika kwenye mfumo. Naye ana sababu zake za kuihitaji. Muswada ukirudi, atawaomba wahakiki walewale waupitie tena, na kadiri miezi inavyopita ndivyo wanavyosahau walichokisoma au kukosa nafasi. Akilazimika kutafuta wapya, mwandishi huenda akakutana na hoja ambazo hakuna aliyezitaja mwanzoni.

Ugonjwa au msiba pia ni sababu halali, na sentensi moja inatosha. Mhariri hahitaji cheti cha daktari wala maelezo ya mazishi.

Barua hiyo inafaa kwenda mara tu ucheleweshaji unapojulikana, yaani mwanzoni mwa Aprili katika mfano huu. Katika mifumo kama Editorial Manager na ScholarOne Manuscripts, njia ya kupakia toleo lililorekebishwa inaweza kufungwa siku ikipita, na majarida mengine huuhesabu muswada uliochelewa kuwa mpya, na tarehe yake ya kupokelewa ikaanza upya. Kwa toleo maalumu nafasi huenda ikawa finyu zaidi, hasa makala zikisubiri kuchapishwa pamoja.

Mhariri akijibu "sawa", bado kuna jambo moja. Makubaliano ya barua pepe hayabadilishi mfumo mpaka mtu aingize tarehe mpya. Mwandishi afungue ukurasa wa muswada wake na kuangalia kama inasomeka 22 Mei. Ikiwa bado ni 17 Aprili, aiandikie ofisi ya uhariri na kuambatisha jibu la mhariri. Asipojibiwa kabisa kwa siku chache, aandike tena kwa ofisi hiyohiyo, kwa kuwa ukimya hauongezi muda.

Na kama vitendanishi visingeweza kufika kabla ya Agosti? Hapo swali la kumuuliza mhariri lingebadilika: je, kipimo hicho ni sharti la kuchapisha, au inatosha kueleza katika mjadala kwamba fumonisini hazikupimwa? Wakati mwingine mhariri huridhika na njia hiyo ya pili. Akisisitiza kipimo, huenda akashauri muswada uondolewe na kuwasilishwa upya matokeo yakipatikana, huku mwandishi akiitaja namba ya zamani ili historia yake ifuatiliwe.