Uso Mweusi Chini ya Taa Tatu

Ngozi nyeusi hurudisha mwanga kwa njia mbili. Mwanga mmoja huingia ndani ya ngozi, ukakutana na melanini, kisha ukatoka umebeba rangi ya ngozi yenyewe. Mwingine hauingii kabisa: hugonga mafuta na jasho lililo juu na kurudi na rangi ileile ya taa ulikotoka. Melanini ikiwa nyingi humeza sehemu kubwa ya mwanga unaoingia, hivyo mng'ao wa juu huchukua nafasi kubwa zaidi katika picha. Hapo ndipo taa zilizochanganyika zinapoumbua uso kwa mabaka: paji la uso lina ubuluu, shavu moja limekuwa la rangi ya chungwa, na upande wa pili uko sawa.

Rangi ya mwanga hupimwa kwa Kelvini. Balbu ya njano ya sebuleni huwa na Kelvini 2700 hivi, mwanga wa mchana ni karibu 5500, na tyubu laiti nyeupe za dukani mara nyingi huandikwa 6500. Kamera huweka mizani moja ya nyeupe kwa picha nzima. Ikijipangia yenyewe penye taa za aina tatu, huchukua wastani, na wastani huo haulingani na taa hata moja.

Dawa ya kwanza ni swichi. Mzee wa rangi ya maji ya kunde akipigwa picha sebuleni kando ya dirisha, kuzima taa zote huondoa tatizo kabla halijaanza. Taa isipozimika, kadi ya kijivu hushikwa karibu na uso, ikielekezwa kwenye mwanga mkuu, na fremu moja hupigwa ikiwa nayo. Picha zihifadhiwe kwa RAW, kwa sababu JPEG huvumilia marekebisho madogo tu. Uso pia upate mwanga wa kutosha wakati wa kupiga. Giza likiinuliwa baadaye kwenye kompyuta huja na chengachenga za kijani na zambarau ambazo si za ngozi wala si za taa.

Tuseme taa hazikuzimwa. Mzee amevaa kanzu nyeupe, dirisha liko kulia kwake, balbu ya njano kushoto, tyubu laiti juu ya kichwa. Katika Lightroom, mizani ya picha nzima hufuata mwanga mkuu, yaani dirisha, kwa kubofya kadi ya kijivu. Kisha kishale hupitishwa usoni na namba za R, G na B kusomwa. Shavu la kulia linaonyesha 38, 27 na 20: nyekundu inaongoza, kijani inafuata, buluu ni kama nusu ya nyekundu. Shavu hilo ndilo kipimo cha mzee huyu, si cha kila mtu; aliye mweusi tii anaweza kuwa na buluu iliyo karibu zaidi na kijani.

Shavu la kushoto linasoma 41, 22 na 9. Hufunikwa kwa barakoa ya brashi yenye kingo laini, na Temp hupunguzwa polepole mpaka namba zifike, kwa mfano, 36, 25 na 18. Hazihitaji kufanana na za kulia, maana mwanga wa pande hizo haulingani kwa ukali. Kinachofuatwa ni uwiano. Ujoto kidogo ukibaki, bora ubaki, kwani balbu inaonekana pale nyuma na jicho linautarajia.

Paji la uso ni kesi nyingine. Linasoma 60, 61 na 66, yaani ni mng'ao wa tyubu laiti, karibu hauna rangi ya ngozi. Wengi huongeza Temp hapo, wakapata ukungu wa manjano mchafu. Njia iliyo salama ni kuchagua sehemu zinazong'aa tu, kupunguza Saturation hadi ubuluu uishe, kisha kuongeza joto kidogo mno.

Kosa linaloharibu picha nyingi ni kupunguza rangi ya chungwa kwenye picha nzima. Mabaka hupungua kweli, lakini chungwa ndiyo inayobeba rangi ya ngozi, na mzee hubaki kijivu kama aliyepakwa majivu. Midomo ndiyo hushuhudia kwanza: ikipoteza wekundu wake, marekebisho yamepita kiasi. Weupe wa macho usitumike kama kipimo, kwa kuwa kwa watu wengi, hasa wazee, una manjano ya asili.

Pua huchelewesha kazi, kwa kuwa rangi za taa mbili hukutana pale na mpaka wake hupinda na umbo la uso. Taa za LED za bei rahisi nazo zina kasoro nyingine: mwanga wake una upungufu wa nyekundu iliyokolea, na nyekundu ambayo taa haikuitoa haipo kwenye faili. Hapo namba zinaweza kusawazishwa na ngozi bado ikaonekana imefubaa. Picha kama hiyo hupendeza zaidi ikigeuzwa nyeusi na nyeupe.