Mafua, Influenza au UVIKO-19: Nani Anahitaji Kupimwa katika Ukanda wa Dhahabu

Mafua ya kawaida, homa ya mafua makali ambayo kitaalamu huitwa influenza, na UVIKO-19 ni maradhi ya njia ya hewa yanayoletwa na virusi vya familia mbalimbali, lakini katika siku mbili za mwanzo hufanana kiasi kwamba hata tabibu mzoefu hawezi kuyatenganisha kwa uhakika kwa kumtazama mgonjwa na kumsikiliza tu. Kwa mkazi wa Kambarage mjini Shinyanga, au mchimbaji mdogo wa Nyarugusu mkoani Geita, tatizo huongezeka kwa sababu malaria na kifua kikuu, ambavyo vyote viwili vina tiba mahususi na vyote viwili huua vikicheleweshwa, navyo huweza kuanza kwa homa au kikohozi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ni kirusi gani kimeingia mwilini, inafaa kuuliza ni kipimo gani ambacho jibu lake litabadilisha matibabu ya mgonjwa au usalama wa wanaoishi naye.

Mafua ya kawaida huletwa mara nyingi na virusi viitwavyo rinovirusi, ambavyo hustawi zaidi katika ubaridi wa tundu za pua kuliko katika joto la mapafu, na ndiyo maana ugonjwa huu hubaki juu, puani na kooni. Huanza polepole kwa koo kuwasha, kisha hufuata chafya, makamasi na pua kuziba, hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, na kwa kawaida huisha ndani ya siku 7 hadi 10, ingawa kikohozi chepesi huweza kuendelea zaidi. Kwa mtu mzima homa huwa ndogo au haipo kabisa, na mgonjwa, pamoja na usumbufu wote, huweza kuendelea na shughuli zake.

Influenza huja kwa namna nyingine, kwani mtu aliyeamka mzima huweza kufika jioni akiwa na homa inayozidi nyuzi 38, baridi, maumivu ya kichwa na ya viungo, kikohozi kikavu na uchovu unaomlaza kitandani. Maumivu hayo ya mwili mzima hayana maana kwamba kirusi kimesambaa katika misuli, bali hutokana zaidi na kemikali ambazo mwili wenyewe huzimwaga katika damu ili kupambana nacho. Homa hiyo hudumu kwa siku 3 hadi 5, na uchovu huweza kubaki kwa wiki kadhaa.

UVIKO-19, ambao mgonjwa wake wa kwanza nchini Tanzania alitangazwa Machi 2020, haukutoweka pale Shirika la Afya Duniani lilipoondoa hali ya dharura Mei 2023, na tangu kuenea kwa aina ya kirusi iitwayo Omikroni mwanzo wake umezidi kufanana na mafua: koo kuuma, makamasi, kikohozi, kichwa na uchovu. Dalili moja ya kuitazama kwa makini ni kupotea kwa uwezo wa kunusa. Mwenye mafua hushindwa kunusa kwa sababu pua imeziba, na harufu hurudi pua inapofunguka. Mwenye UVIKO-19 huweza kuvuta hewa vizuri kabisa na bado asisikie harufu ya dagaa wanaokaangwa mbele yake, kwa kuwa kirusi hudhuru seli zinazozitegemeza neva za kunusa. Dalili hiyo ikiwapo, shaka ya UVIKO-19 huwa kubwa, lakini ikikosekana haimaanishi kuwa ugonjwa haupo, kwa sababu siku hizi wagonjwa wengi hawaipati.

Katika Kanda ya Ziwa mtu mzima mwenye homa hupaswa kupimwa malaria kwanza, hata kama anakohoa, kwa sababu kipimo cha haraka cha tone la damu ya kidole hutoa jibu kwa muda mfupi. Jibu likiwa chanya, tiba huanza mara moja, lakini kikohozi bado hutafutiwa sababu yake, maana mtu huweza kuwa na maradhi mawili kwa wakati mmoja. Jibu likiwa hasi, dawa za malaria hazinywewi kwa kubahatisha.

Uchukuliwe mfano wa mchimbaji wa miaka 40, aliyechoronga mwamba kwenye maduara kwa miaka mingi, ambaye anarudi nyumbani Kambarage Jumatatu koo likimwasha, na kufikia Jumanne ana homa ya nyuzi 38.6 na kikohozi kikavu. Nyumbani yupo mama yake wa miaka 68 mwenye kisukari, na mke ambaye ni mjamzito. Kununua antibayotiki katika duka la dawa muhimu hakutamsaidia, kwa kuwa dawa hizo huua bakteria na si virusi. Anapimwa malaria na jibu ni hasi, kisha anachukuliwa sampuli ya puani kwa kipimo cha haraka cha UVIKO-19, nacho ni hasi. Jibu hilo la pili halimalizi shauri, kwa sababu katika siku za mwanzo virusi puani huwa bado vichache na kipimo cha haraka huweza kuvikosa. Kwa hiyo analala chumba cha peke yake, anavaa barakoa na kurudia kipimo baada ya saa 48. Alhamisi mstari wa pili unaonekana, na hata ukiwa umefifia, maadamu umesomwa ndani ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, huhesabiwa kuwa ni chanya. Sasa familia inajua kwamba mama na mke wakipata dalili yoyote wanapaswa kupimwa siku hiyo hiyo.

Mfano huu unaonyesha ni nani wanaohitaji kipimo cha UVIKO-19, na cha influenza pale kinapopatikana: wenye umri wa miaka 60 na zaidi, wajawazito, wenye kisukari, maradhi ya moyo, selimundu au mapafu yaliyoharibiwa na vumbi la mwamba, wanaoishi na VVU hasa ambao kinga yao imeshuka, wahudumu wa afya, na wale wanaoishi au kulala chumba kimoja na watu hao. Kwao muda ni muhimu, kwa sababu dawa ya influenza iitwayo oseltamiviri hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48, na za UVIKO-19 ndani ya siku 5 tangu dalili kuanza. Kijana mwenye afya, mwenye makamasi bila homa, hahitaji kipimo. Anahitaji maji, mapumziko na kukaa mbali na wagonjwa na wazee.

Anayepumua kwa shida, mwenye maumivu ya kifua, aliyechanganyikiwa au ambaye homa yake ilishuka kisha ikapanda tena, apelekwe hospitali bila kungoja majibu. Kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni husaidia, na kiwango kilicho chini ya asilimia 90 ni hatari, ila kwa ngozi nyeusi kifaa hicho huweza kuonyesha kiwango kikubwa kuliko kilivyo, hivyo namba nzuri isimrudishe nyumbani mtu anayehema.

Na kikohozi kinachofikisha wiki mbili, au cha muda wowote kwa anayeishi na VVU, kisiitwe mafua tena: mwenye nacho, hasa aliyewahi kufanya kazi ya machimbo, apeleke makohozi yake yapimwe kifua kikuu.