Mbegu Mpya, Mashamba Matano: Tuamini Jaribio Lipi la t?

Tuseme mtafiti wa kilimo anataka kujua kama mbegu mpya ya mahindi inaishinda ile iliyozoeleka. Wakulima 20 walipanda mbegu ya zamani, wakavuna wastani wa magunia 14 kwa ekari. Mbegu mpya ilikuwa haba, wakaipata wakulima 5 tu, nao walivuna magunia 10, 16, 16, 24 na 24. Wastani wao ni 18. Je, hayo magunia 4 ya ziada yameletwa na mbegu, au ni bahati tu ya nani alilima wapi?

Swali la namna hii hujibiwa kwa jaribio la t. Tunachukua tofauti ya wastani hizo mbili, tunaigawa kwa kipimo cha jinsi ambavyo tofauti hiyo ingeyumba kwa bahati peke yake. Jibu likiwa kubwa, bahati haitoshi kuwa maelezo. Kazi ngumu ni kukipata hicho kipimo cha kuyumba, kwa sababu kinategemea mavuno yametawanyika kiasi gani. Kwa mbegu ya zamani, mchepuko wa kawaida ni magunia 2: mashamba yanakaribiana. Kwa mbegu mpya ni 6.

Njia ya kwanza, iliyomo katika vitabu vingi vya shule na vyuo, huchukulia kwamba makundi yote mawili yana mtawanyiko mmoja, kisha huuchanganya. Miraba ya michepuko ni 4 na 36. Kila mmoja hupewa uzito kwa idadi ya wakulima wake ukitoa mmoja, yaani 19 na 4, na wastani wake unakuwa 9.57. Hapa ndipo mambo yanapoharibika. Kundi lililotulia lina watu wengi, basi utulivu wake unalifunika kundi linaloyumba. Kipimo cha kuyumba kinatoka 1.55, na 4 ukigawa kwa 1.55 unapata 2.59. Kama mbegu hazitofautiani, tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi ingetokea kwa uwezekano wa karibu 0.02. Mtafiti aliyeweka mpaka wake kwenye 0.05 atatangaza ushindi.

Njia ya pili ni ya mwanatakwimu Mwingereza B. L. Welch, aliyeieleza katika makala zake za 1938 na 1947. Yeye hachanganyi. Kila kundi linabeba mtawanyiko wake na idadi yake: 4 kwa 20 ni 0.2, na 36 kwa 5 ni 7.2. Jumla ni 7.4, na kipeuo chake cha pili ni 2.72. Sasa 4 kwa 2.72 ni 1.47 tu. Welch pia anapunguza digrii za uhuru, yaani kiasi cha taarifa tunachodai kuwa nacho, kutoka 23 hadi karibu 4.2, kwa kuwa karibu shaka yote inatoka kwa wakulima watano. Uwezekano unapanda hadi karibu 0.21. Ushindi haupo tena, ingawa mavuno ni yale yale.

Geuza idadi: wakulima 5 wawe na mchepuko wa 2, na 20 wawe na wa 6. Sasa kuchanganya kunatoa 1.45, na uwezekano wa 0.16, ilhali Welch anatoa 2.48 na uwezekano wa 0.02. Kwa hiyo njia ya kuchanganya haikosei upande mmoja. Kundi dogo likitawanyika zaidi, inapiga kelele bure. Kundi kubwa likitawanyika zaidi, inanyamazia tofauti iliyopo. Idadi zikilingana, namba ya t ni ile ile kwa njia zote mbili, na kinachobadilika ni digrii za uhuru tu.

Wengi hupima kwanza kama mitawanyiko inatofautiana, ndipo wachague. Njia hiyo haisaidii pale inapohitajika zaidi: kwa mashamba matano, kipimo hicho mara nyingi hakina nguvu ya kuiona tofauti iliyopo. Ni afadhali kuamua kabla ya kuvuna kwamba utatumia Welch. Hata mitawanyiko ikiwa sawa, kwa kawaida unapoteza kidogo sana. Katika programu ya R, Welch ndiye anayetumika usiposema lolote:

```
t.test(mpya, zamani)
t.test(mpya, zamani, var.equal = TRUE)
```

Mstari wa pili ndio unaochanganya. Katika Excel, namba ya mwisho ndani ya `T.TEST` ikiwa 2 inachanganya, ikiwa 3 ni Welch.

Lakini Welch hulinganisha wastani tu. Mkulima aliyevuna magunia 10 na yule wa 24 walipanda mbegu moja, na mtafiti anapaswa kurudi kwenye mashamba hayo kuuliza juu ya udongo, maji na mbolea. Huenda mbegu mpya inafaa sana mahali fulani na kushindwa kwingine. Hilo halitaonekana kwa jaribio lolote la t; litaonekana kwa kupanda mashamba mengi zaidi.