Amana Si Kodi ya Mwezi wa Mwisho

Mwezi Oktoba mwenzetu mmoja alikuja kwenye kikao cha chama na barua mkononi. Ndiyo kwanza alikuwa ametoka bwenini na kupanga chumba cha kujitegemea hapa Uingereza, na mwenye nyumba alikuwa amemwandikia ukurasa mzima kuhusu amana na malimbikizo ya kodi. Tuliisoma pamoja na kuitafsiri, na tumeona tuwasimulie, kwani wengi wetu tutapokea barua kama hiyo.

Kodi ya chumba ni paundi 780 kwa mwezi, na amana aliyoombwa ni paundi 900. Tulijiuliza kiasi hicho kimetoka wapi. Sheria ya mwaka 2019 inasema kwamba kwa nyumba za kawaida kama hii, amana isizidi kodi ya wiki tano. Tulizidisha 780 mara miezi 12, tukapata 9,360. Tukagawa kwa wiki 52, ikawa paundi 180 kwa wiki. Mara tano ni 900. Hapo mwenye nyumba alikuwa sawa kabisa.

Kilichotukwamisha ni maana ya fedha hiyo. Wale tuliotoka Dar es Salaam tumezoea kulipa kodi ya miezi sita au ya mwaka kwa mkupuo, na ikishalipwa imekwenda. Mwenzetu naye alidhani 900 ni kodi iliyotangulia, kwamba mwezi atakaopungukiwa mwenye nyumba atachota humo. Barua ilimkatalia: “Fedha hii ni yako. Imo katika mfuko wa kulinda amana, nami siigusi mpaka utakapohama.” Kumbe neno letu lenyewe linasema hivyo hivyo: amana hubaki mali ya aliyeiweka.

Mwenye nyumba ana siku 30 tangu apokee amana kuiweka chini ya ulinzi wa mfuko ulioidhinishwa na serikali, na kumpa mpangaji maelezo yake kwa maandishi. Asipofanya hivyo, mahakama inaweza kumwamuru amlipe mpangaji fidia ya kiasi cha amana hiyo, mara moja hadi mara tatu. Kwa hiyo tulimwuliza mwenzetu kama amepata cheti cha mfuko. Alikuwa nacho.

Novemba ikaja na mtihani. Posho ya mfadhili ilichelewa, naye akalipa paundi 500 tu. Zile 280 zilizobaki ndizo malimbikizo, na huanza kuhesabika siku inayofuata tarehe ya kulipa. Barua ilisema kila anayechelewa atatozwa faini ya paundi 25. Hapo ndipo mwenye nyumba alipokosea. Kwa kodi iliyochelewa, sheria inamruhusu kudai riba tu, tena mpaka zipite siku 14, na isizidi asilimia 3 juu ya kiwango cha Benki Kuu ya Uingereza. Tuseme kiwango hicho ni asilimia 4. Jumla ni 7 kwa mwaka. Kwa deni la paundi 280, riba hiyo ni kama peni 5 kwa siku, yaani paundi moja na nusu hivi kwa mwezi.

Mwenzetu alimwandikia kwa adabu, akakiri deni, akaeleza kuhusu faini, na akapendekeza kulipa paundi 140 za ziada Desemba na Januari, yaani 920 kila mwezi. Mwenye nyumba alikubali kwa maandishi na kuifuta faini.

Je, kama angehama bila kulipa? Mwenye nyumba angeomba 280 zikatwe kwenye amana, naye angerudishiwa 620. Wako wanaogoma kulipa kodi ya mwezi wa mwisho wakisema amana itafidia. Zikitoka 780, hubaki 120. Zulia likiwa limeungua na matengenezo yakagharimu 200, mpangaji bado anadaiwa 80, na barua ya kumtambulisha kwa mwenye nyumba mwingine huenda asiipate.

Wakibishana, mfuko una mwamuzi asiyetoza chochote, na mwenye nyumba ndiye anayepaswa kuthibitisha dai lake. Uchakavu wa kawaida hauhesabiwi. Picha zenye tarehe, zilizopigwa siku ya kuingia, humlinda mpangaji kuliko maneno.

Tahadhari moja: ulinzi huu wa amana haumhusu anayepanga chumba ndani ya nyumba anamoishi mwenye nyumba mwenyewe. Na sheria tulizozitaja ni za Uingereza yenyewe; Uskoti na Welisi wana zao.

Mwenzetu alimaliza deni lake Januari. Zile 900 bado zimo mfukoni, kwa jina lake.