Pampu Imekufa, Tuandike Nini?

Sehemu ya mafunzo yaliyopatikana huandikwa mwisho, mara nyingi usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha ripoti. Ndiyo maana imejaa sentensi kama "ushirikishwaji wa jamii ni muhimu", jambo ambalo kila mtu alilijua kabla mradi haujaanza.

Tuchukue mfano wa mradi wa visima 12 vya pampu za mkono aina ya Afridev. Miaka miwili baada ya kukabidhiwa, pampu 5 hazitoi maji kwa sababu raba za ndani, ambazo hubadilishwa takriban kila mwaka, zimechakaa. Rasimu ya kwanza inasema: "Mweka hazina wa kamati ya maji alizembea kukusanya michango." Jina halikutajwa, lakini kijiji kina mweka hazina mmoja tu, na watoto wake wanasoma shule ya hapohapo. Bosi anaihariri: "Michango haikukusanywa ipasavyo." Sasa halaumiwi mtu, lakini pia hakuna cha kujifunza.

Swali linalosaidia ni hili: angewekwa mtu mwingine mwaminifu kwenye nafasi ile, mambo yangekwenda tofauti? Ili kulijibu, mtathmini anaomba daftari la michango. Miezi mitatu ya mwanzo kila kaya ina alama ya vema. Kuanzia wa nne safu ni tupu. Anauliza kulitokea nini. Anaambiwa kwamba raba ziliuzwa mjini tu, na nauli ya kuzifuata ilizidi bei yake. Fedha zikakaa bila kazi, na watu walipoona zimekaa wakaacha kutoa. Anapolinganisha, anakuta pampu 7 zilizo hai zote ziko kando ya barabara ya mabasi.

Hapo aya inaandikwa upya: "Wakati wa usanifu tulitenga fedha za kuchimba visima, lakini hatukupanga vipuri vitafikaje vijijini. Pampu zote 5 zilizokufa ziko mbali na barabara. Mradi ujao upate duka la karibu litakaloweka raba kabla ya kisima cha kwanza kuchimbwa." Mwenye uamuzi ametajwa waziwazi, naye ni ofisi yenyewe. Sentensi hiyo ndiyo ngumu kuliko zote kuiandika, na ndiyo ninayoitafuta kwanza nikishika ripoti ya mtu.

Ila kama fedha ziliibwa, usiuite wizi "changamoto ya mfumo". Suala hilo lina njia yake kwa wakaguzi. Hapa andika tu kilichouruhusu, kwa mfano mtu mmoja kushika daftari na sanduku kwa pamoja.

Rasimu isomwe kwa kamati kabla ya kwenda kwa mfadhili. Mweka hazina aliyekuja amejiandaa kujitetea, akisikia aya ile, huenda akasema jambo ambalo hakuna aliyemuuliza: "Hata raba zingepatikana, fundi mliyemfundisha alihama mwaka wa kwanza."