Onyo la Sahihi kwenye Barua Pepe

Wakili amekutumia barua pepe yenye sahihi ya kidijitali. Unaifungua kwa Thunderbird, na badala ya alama ya usalama unaona onyo kwamba sahihi si halali. Moyo unashtuka. Je, ni tapeli?

Si lazima. Wakili alipobonyeza kutuma, programu yake ilikokotoa muhtasari wa maneno yote, kwa kawaida wa biti 256, kisha ikausaini kwa ufunguo wake wa siri. Programu yako hukokotoa upya muhtasari wa barua iliyofika na kuulinganisha na ule uliosainiwa. Herufi moja ikibadilika, muhtasari wote hubadilika.

Sasa, seva nyingi za ofisi hubandika mstari wa tahadhari chini ya kila barua inayotoka nje. Mstari huo ukiingia ndani ya sehemu iliyosainiwa, unatosha kuvunja sahihi. Onyo linasema tu kwamba ulichopokea si kile kilichosainiwa. Halisemi nani amebadilisha, wapi, wala kwa nia gani. Tapeli aliyebadilisha namba ya akaunti ya benki angeleta onyo lilelile.

Kwa hiyo fungua maelezo yake. Kama tatizo ni cheti kilichokwisha muda, huenda maneno hayajaguswa kabisa. Kama ni maneno kutolingana, usilipe chochote: mpigie wakili kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyo ndani ya barua, akusomee namba ya akaunti.